Pesa imekatwa, haijafika: barua ya wazi kwa Benki Kuu ya Tanzania na wakuu wa mabenki

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, na kwa wakurugenzi watendaji wa mabenki yanayotuma na kupokea fedha kupitia TIPS, mfumo wa taifa wa malipo ya papo hapo, na TISS, mfumo wa malipo makubwa kati ya mabenki.

YAH: PESA KUKATWA KWENYE AKAUNTI YA MTUMAJI NA KUTOFIKA KWA MPOKEAJI

Mheshimiwa Gavana, ndugu wakurugenzi,

Leo natunza hesabu za wafanyabiashara wadogo mkoani Morogoro, lakini kabla ya hapo nilifanya kazi kwenye idara ya benki inayolinganisha miamala kila asubuhi: ipi imeenda, ipi imerudi, ipi haijulikani ilipo. Kwa hiyo tatizo ninaloliandikia nimeliona kutoka pande zote mbili za kaunta. Mteja anatuma pesa kwa simu kutoka benki moja kwenda nyingine, salio lake linapungua papo hapo, na mpokeaji hapati kitu. Anapiga huduma kwa wateja, anaambiwa asubiri. Anauliza pesa iko wapi, na hapo hapati jibu.

Siwalaumu kwa sababu miamala inakwama. Kila malipo yanayopita kwenye mitambo ya taasisi tatu tofauti yatakwama mara moja moja, hata mkifanya nini. Ninacholalamikia ni kwamba pesa inapokwama mteja anaambiwa jambo lisilo kweli, na kisha pesa yake inakaa ikisubiri mtu arudi kazini Jumatatu. Hayo mawili yapo ndani ya uwezo wenu.

Naomba nieleze njia ambayo pesa inapita, kwa sababu wengi wanaosoma barua hii hawajawahi kuelezwa, na bila kuielewa hawawezi hata kuuliza swali sahihi.

Mtu anapotuma pesa kwa TIPS, hakuna noti inayosafiri. Zinasafiri taarifa. Benki ya mtumaji inaanza kwa kuuliza jina la mwenye akaunti inayopokea, ndilo lile jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Mteja akithibitisha, benki yake inafanya mambo mawili. Inapunguza salio lake, na kiasi kilekile inakiweka kwenye akaunti yake ya ndani ya kusubirishia. Kisha inatuma agizo kwenye mtambo wa TIPS ulioko Benki Kuu. TIPS inalipeleka agizo kwa benki ya mpokeaji. Benki hiyo inaikagua akaunti, inaongeza salio la mpokeaji, na inarudisha jibu kwamba imepokea. Jibu linarudi TIPS, TIPS inauandika muamala kuwa umekamilika na kuitaarifu benki ya mtumaji. Deni linalobaki kati ya benki hizo mbili hulipwa baadaye, kwa jumla, kupitia akaunti ambazo kila benki inazo Benki Kuu.

Yote hayo kwa kawaida huchukua sekunde chache. Lakini tazameni mpangilio wake: kukatwa kwa mtumaji ni hatua ya mwanzo, na kuongezewa kwa mpokeaji ni hatua ya karibu na mwisho. Mpangilio huo ni wa lazima, kwa sababu benki ikituma agizo kabla haijazuia pesa, mteja anaweza kuitumia kwingine kwa dakika hiyohiyo. Kwa hiyo ujumbe wa simu unaosema akaunti yako imepungua haujasema lolote kuhusu mpokeaji. Umesema tu kwamba pesa imetoka kwenye salio lako na kuingia kwenye akaunti ya ndani ya benki yako mwenyewe.

Kuanzia hapo benki ya mtumaji inasubiri, na mambo matatu yanaweza kutokea. La kwanza ni jibu la kupokelewa, na hapo hakuna shida. La pili ni jibu la kukataliwa: akaunti imefungwa, namba haipo, kiasi kimezidi kinachoruhusiwa. Hili nalo halina ugumu, kwa sababu benki inajua kwa uhakika kwamba pesa haikuingia, na mtambo unaweza kuirudisha kwa mteja hapohapo bila mtu kugusa chochote. Benki nyingi zinafanya hivyo, na mteja huona mstari wenye neno REVERSAL kwenye taarifa ya akaunti.

La tatu ni kimya. Muda wa kusubiri umeisha na hakuna jibu lolote lililorudi. Miamala mingi niliyokuwa nikiikuta asubuhi ilikuwa ya aina hii.

Kimya ni kigumu kwa sababu kina maana zaidi ya moja. Huenda agizo halikufika kabisa kwenye benki ya mpokeaji. Huenda lilifika, lakini mfumo mkuu wa benki hiyo ulikuwa unafunga hesabu za siku na haukulishughulikia. Na huenda lilifika, mpokeaji akaongezewa pesa yake vizuri, ila jibu ndilo lililopotea njiani au likarudi limechelewa. Kwa benki ya mtumaji hali hizi zinafanana kabisa. Ni kama mzigo uliopakiwa kwenye basi la usiku na simu ya kondakta haipatikani: aliyeutuma hawezi kujua kama umepotea au umeshachukuliwa na mwenyewe.

Kwa sababu hiyo naitetea benki kwenye jambo moja ambalo wateja wengi wanalichukia. Benki ya mtumaji ikirudisha pesa mara tu inapoona kimya, na kumbe mpokeaji alishapata, pesa imelipwa mara mbili na benki inabaki kumtafuta mtu airudishe. Wapo waliogundua udhaifu huo na kuutumia. Kwa hiyo kuishikilia pesa kwanza, mpaka ukweli ujulikane, ni uamuzi sahihi. Swali langu ni moja tu: ukweli unachukua muda gani kujulikana, na mteja anaambiwa nini wakati huo?

Nichukue mfano wa mteja wangu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mabenki yaliyohusika siyataji. Siku ya Ijumaa, saa 11:12 jioni, alituma shilingi 2,400,000 kwa msambazaji wa saruji Dar es Salaam. Lori lilikuwa limeshafika ghalani kwa msambazaji, linasubiri kupakiwa. Jina la msambazaji lilitokea sawasawa, akaweka namba ya siri, simu ikaandika kwamba muamala umekamilika. Ujumbe wa makato ukaingia, pamoja na ada. Kule Dar es Salaam hakuna kilichoingia. Dereva akasubiri mpaka ghala likafungwa.

Huduma kwa wateja walimjibu kwa adabu kabisa. Walimwambia kwa upande wao muamala unaonekana umekamilika, kwa hiyo mpokeaji afuatilie kwenye benki yake. Mpokeaji akafuatilia, akaambiwa hakuna pesa ya kiasi hicho iliyoingia, mtumaji afuatilie kwenye benki yake. Jumamosi alienda tawini. Ofisa akaandika malalamiko na kumwambia asubiri, idara husika makao makuu wataanza kulifanyia kazi Jumatatu.

Jumatatu ndipo walipolinganisha. Idara iliweka pamoja orodha mbili: miamala ambayo benki imekata kwa wateja wake, na miamala ambayo TIPS inaionyesha kuwa imekamilika. Muamala wa saa 11:12 ulikuwamo kwenye orodha ya kwanza, haukuwamo kwenye ya pili. Benki ya mpokeaji haikujibu ndani ya muda, kwa hiyo TIPS ilikuwa imeshaufunga kama muamala ulioshindikana, tangu Ijumaa ileile. Taarifa ya kushindikana ilikuwapo tayari mtamboni. Programu ya simu ya benki ya mtumaji haikuisoma, kwa sababu ilitengenezwa ihesabu agizo lililotumwa kuwa ni muamala uliokamilika. Jumatatu alasiri shilingi 2,400,000 zilirudi. Ada haikurudi mpaka ilipodaiwa kwa barua.

Pesa ile haikuwahi kutoka kwenye benki ya mtumaji. Siku zote alizozunguka, ilikuwa kwenye akaunti ya ndani ya benki yake mwenyewe, na wafanyakazi wa benki hiyohiyo walikuwa wanamwelekeza akaitafute kwa watu wengine. Hawakumdanganya kwa makusudi. Skrini iliyo mbele ya mtu wa huduma kwa wateja inaonyesha kile tu ambacho programu ya simu imeandika. Haionyeshi hali ya muamala kule TIPS, na haionyeshi akaunti ya kusubirishia. Anayeweza kuviona vyote viwili ni mtu wa idara niliyokuwa nikifanya kazi, na idara hiyo kwenye mabenki mengi inafunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa. TIPS inafanya kazi usiku na mchana, siku saba. Wanaosahihisha makosa yake wanafanya kazi saa za ofisi.

Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu, Mheshimiwa Gavana. Mmejenga njia ya malipo isiyolala, na mmeiacha iegemee ukaguzi wa mkono unaolala mwisho wa wiki. Muamala uliokwama Jumanne asubuhi unapata jibu Jumatano. Uliokwama Ijumaa jioni, kabla ya Jumatatu ya sikukuu, unasubiri mpaka Jumanne, hata kama jibu lilishapatikana mtamboni dakika moja baada ya kukwama.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi sana, nao ni pale muamala unapokamilika kweli TIPS na bado mpokeaji hana pesa. Hapo pesa imetoka kwa mtumaji moja kwa moja, imeingia kwenye benki ya mpokeaji, na imekwama ndani ya benki hiyo. Sababu kubwa ni kwamba mabenki mengi yana mifumo miwili: mmoja wa nje unaozungumza na TIPS, na mfumo mkuu unaotunza akaunti za wateja. Ule wa nje unaweza kujibu kwamba umepokea kabla mfumo mkuu haujaingiza pesa. Kama akaunti imelala kwa kukosa shughuli muda mrefu, au mteja anatakiwa ahuishe taarifa zake za utambulisho, au mfumo mkuu uko kwenye kufunga siku, pesa inawekwa kwenye akaunti ya kusubirishia ya benki hiyo. Mtumaji hana tena cha kudai kwenye benki yake. Benki yake imeshalipa.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo kila mteja angepaswa kulipata jibu ni hili: je, muamala wangu umekamilika TIPS au haukukamilika? Jibu likiwa haukukamilika, kwa kawaida pesa iko kwenye benki ya mtumaji. Jibu likiwa umekamilika, iko kwenye benki ya mpokeaji. Neno moja kutoka kwenye mtambo wenu linamaliza ule mchezo wa kurushiana mteja. Neno hilo mnalo, na benki zote mbili zinalo. Mwenye pesa peke yake ndiye hana.

Kwa malipo makubwa yanayopita TISS hali ni tofauti kidogo, na nitayagusa kwa ufupi. TISS ilianza mwaka 2004, na kule kila malipo hulipwa moja moja, papo hapo, kati ya akaunti za mabenki zilizoko Benki Kuu. Yakishalipwa hayatenguliwi. Benki iliyotuma haiwezi kuyavuta, inaweza tu kuiomba benki iliyopokea iyarudishe. Kuchelewa kwa TISS mara nyingi kunatokea kabla pesa haijaondoka: fomu imepelekwa tawini baada ya saa ya mwisho ya kupokea, ofisa wa pili hajaidhinisha, malipo yameshikiliwa yakaguliwe kwa ajili ya sheria za utakatishaji fedha, au benki yenyewe haina salio la kutosha Benki Kuu kwa wakati huo na malipo yamepanga foleni. Kwenye hali zote hizo mteja ameshakatwa. Anayelipwa kwa TISS aombe nakala ya ujumbe wa malipo wenye namba ya kumbukumbu na saa yalipolipwa. Benki ikitoa karatasi inayoonyesha kukatwa tu bila saa ya kulipwa, ajue malipo bado hayajatoka.

Narudi kwenye TIPS, kwa sababu ndiko waliko watu wengi. Neno "umekamilika" likitumika mahali pasipostahili linaleta madhara mawili ambayo nayaona kila mwezi kwenye vitabu vya wateja wangu.

La kwanza ni kutuma mara ya pili. Mtu ameona imekatwa, mwenzake hajapata, lori linasubiri. Anakopa, anatuma tena. Kisha ule wa kwanza unaingia usiku, kwa sababu ulikuwa umekwama tu ndani ya benki ya mpokeaji. Sasa msambazaji ana malipo mawili, na kurudishiwa kunategemea uungwana wake, kwa kuwa benki haimgusi mteja wake bila ridhaa yake. Nawashauri wateja wangu wasitume tena mpaka wapate jibu la maandishi kwamba muamala wa kwanza umefutwa. Nafahamu ni ushauri mgumu, maana jibu hilo linachelewa kuliko biashara inavyoweza kusubiri.

La pili ni utapeli. Muuzaji aliyekwisha zoea kuambiwa "imekatwa, itaingia tu" anajikuta anamwamini mtu anayemwonyesha picha ya simu yenye maneno kwamba muamala umekamilika, na anamwachia bidhaa. Picha hiyo inatengenezwa kwa dakika chache. Wengine wanangoja mteja aandike malalamiko yake hadharani mtandaoni, kisha wanampigia wakijifanya ni wahudumu wa benki, wanamwambia muamala wake wataukwamua, awatajie tu namba ya siri. Kadiri majibu rasmi yanavyochelewa, ndivyo majibu ya matapeli yanavyopata wa kuyasikiliza.

Sasa niseme ninachoomba. Kwanza, Benki Kuu izikataze programu za mabenki kuandika kwamba muamala umekamilika kabla TIPS haijathibitisha. Kama jibu ni kimya, simu iandike hivyo: "Pesa imezuiwa kwenye akaunti yako. Benki ya mpokeaji bado haijajibu. Usitume tena. Utapata taarifa." Mteja wangu angeliona hilo saa 11:13 jioni, angempigia msambazaji na kupanga naye namna nyingine kabla ghala halijafungwa. Marekebisho haya ni ya kusoma hali sahihi ya muamala na kuionyesha, na benki inayotaka inaweza kuyafanya bila kusubiri amri.

Sambamba na hilo, namba ya kumbukumbu anayopewa mtumaji iwe ileile inayoonekana TIPS na kwenye benki ya mpokeaji. Leo mtumaji anapewa namba ya ndani ya benki yake. Mpokeaji akiipeleka kwenye benki yake, ofisa anaitafuta hapati, na anasema kwa dhati kabisa kwamba hakuna muamala kama huo. Namba inayotambulika pande zote ipo tayari ndani ya ujumbe, kwa sababu bila hiyo mitambo isingeelewana. Ionyeshwe kwa wenye pesa.

Ombi kubwa zaidi ni la muda. Kulinganisha miamala kufanyike kila siku, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na kusiwe mara moja kwa siku. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kulinganisha orodha mbili, na kompyuta inaiweza bila mtu. Muamala ambao TIPS imeufunga kuwa umeshindikana urudishwe wenyewe, pamoja na ada yake, bila mteja kulalamika. Abaki mtu wa kushughulikia ile michache ambayo orodha hazikubaliani, kwa sababu kuna nyakati mfumo mkuu wa benki ya mpokeaji umeingiza pesa huku TIPS ikisema haikukamilika, na hapo kompyuta haipaswi kuamua. Ninajua kazi hiyo. Ni michache, na inahitaji simu moja kati ya maofisa wawili wanaofahamiana.

Mtaniambia kwamba muda wa lazima utaziumiza benki ndogo. Basi tazameni India. Tarehe 20 Septemba 2019, Benki Kuu ya India ilitoa waraka uliopanga muda wa kusahihisha miamala iliyoshindikana. Kwa malipo ya papo hapo kati ya benki na benki, pale mtumaji anapokatwa na mpokeaji asiongezewe, pesa inatakiwa kurudishwa ifikapo siku moja baada ya siku ya muamala. Ikizidi hapo, mteja analipwa fidia ya rupia 100 kwa kila siku ya ucheleweshaji, na waraka ulisema fidia hiyo itolewe bila kusubiri mteja alalamike. Kiasi hicho si kikubwa. Uzito wake ni kwamba kila benki inajikuta na gharama inayokua kila siku kwenye akaunti yake ya kusubirishia, kwa hiyo inakuwa na sababu ya kuisafisha. Kwetu hapa pesa iliyokaa kwenye akaunti hiyo haimgharimu chochote anayeishikilia.

Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni yao ya mwaka 2024 ya malipo ya papo hapo, umeweka sekunde 10 kuwa muda wa pesa kumfikia mpokeaji na mtumaji kujulishwa kama imefika au haikufika. Sisemi tuanze na sekunde 10. Nasema tuanze na siku moja ya kalenda, isiyojali kama ni ya kazi au ya mapumziko.

Msingi wa kisheria mnao. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imewapa usimamizi wa mifumo hii, na kanuni za kulinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zimewapa mamlaka juu ya namna mabenki yanavyoshughulikia malalamiko. Lakini muda uliowekwa kwa ajili ya malalamiko ya jumla haufai kwa pesa iliyokwama. Malalamiko kuhusu masharti ya mkopo yanahitaji kusikilizwa na kupimwa, na yanastahili siku zake. Muamala uliokwama hauna cha kusikilizwa. Umekamilika au haukukamilika, na jibu liko kwenye mtambo mnaousimamia ninyi.

Naomba pia mchapishe kila robo mwaka, kwa kila benki, idadi ya miamala iliyokatwa bila kumfikia mpokeaji na wastani wa saa zilizopita mpaka kurudishwa. Takwimu hizo mnazo. Mfanyabiashara anayechagua wapi afungue akaunti ya biashara anahitaji kuziona zaidi kuliko matangazo ya riba.

Kwa ndugu wakurugenzi nina ombi moja la peke yenu, ambalo halisubiri kanuni. Mpeni mtu wa huduma kwa wateja skrini inayoonyesha hali ya muamala kule TIPS na kama pesa iko kwenye akaunti yenu ya kusubirishia. Wahudumu hao wanatukanwa kila siku kwa jambo ambalo hawajapewa uwezo wa kuliona. Wakiliona, wataacha kuwatuma watu kwenye benki nyingine kutafuta pesa iliyo ndani ya jengo lenu.

Mimi na wafanyabiashara ninaowatunzia hesabu tuko tayari kuwasilisha taarifa za akaunti, ujumbe wa simu na nakala za malalamiko ya miamala iliyokwama, pamoja na saa za kukatwa na saa za kurudishwa, kwa yeyote mtakayemteua kwenye kurugenzi ya mifumo ya malipo. Tunaomba pia kushirikishwa pale rasimu ya kanuni itakapotolewa kwa maoni ya wadau, na kikao cha namna hiyo kifanyike hata mikoani.

Wenu,

Mtunza hesabu wa wafanyabiashara wadogo, Morogoro